Doa la jua juu ya lesi: namna ya kulitoa bila kula nyuzi

Bibi harusi amesimama Forodhani, Unguja, saa kumi na mbili kasoro jioni. Jua linazama baharini nyuma ya bega lake na shela ya lesi imepigwa mwanga kwa nyuma. Picha ni nzuri, ila juu ya shela, kiunoni, kuna doa la kijani lenye pembe saba, upana wake kama pikseli 240. Mhariri anachukua brashi ya Healing, anapaka mara mbili. Doa linatoka, na lesi inatoka nalo: maua yaliyodariziwa yamekuwa uji.

Malalamiko ya aina hii hurudi kila msimu wa harusi, na karibu yote yana kosa moja. Doa la jua linachukuliwa kama uchafu uliofunika kitambaa, kumbe ni mwanga uliomwagikia juu yake. Lesi ipo chini, nyuzi zote, mradi mwanga ule haujaijaza picha mpaka juu. Kilichoongezwa hupunguzwa; hakuna haja ya kupaka kitu kipya juu yake. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, na kila dalili inaanza na sababu inayoonekana zaidi.

Kwanza hakikisha ni doa la jua

Fungua faili la asili ambalo halijakatwa pembeni. Tafuta kitovu cha picha, kisha vuta mstari wa kufikirika kutoka kwenye jua kupita kitovuni hadi upande wa pili. Madoa ya jua hukaa kwenye mstari huo au karibu nao kabisa. Ukitumia picha iliyokwisha kukatwa, kitovu kimehama na jaribio litakudanganya.

Doa lililo nje ya mstari lina maelezo mengine. Likiwa jeusi au kijivu na likirudi mahali palepale katika kila picha, ni vumbi kwenye kihisi cha kamera. Likiwa duara la weupe hafifu na picha ilipigwa kwa flashi, ni chembe ya vumbi au tone la mvua lililokuwa karibu na lenzi. Vumbi la kihisi linatolewa kwa Healing bila wasiwasi kwa sababu ni dogo na mara nyingi huonekana angani. Njia iliyoelezwa hapa chini haitalisaidia, kwani lenyewe limepunguza mwanga badala ya kuuongeza.

Dalili: doa lina rangi, na nyuzi zinaonekana ndani yake

Sababu ya kwanza, na ndiyo ya mara nyingi, ni mwanga kugonga kioo kimoja ndani ya lenzi, kurudi nyuma, kugonga kioo kingine na kuelekea tena kwenye kihisi. Kioo kisichopakwa dawa hurudisha takribani asilimia 4 ya mwanga katika kila uso. Dawa ya kisasa hupunguza kiasi hicho hadi chini ya asilimia 1, lakini jua ni kali kiasi kwamba hata masalia yanaonekana. Rangi ya kijani au zambarau ni rangi ya masalia hayo, ile ile unayoiona ukiinamisha lenzi chini ya taa. Pembe saba zinatoka kwenye tundu la lenzi lenye mapanga saba lililofungwa kidogo.

Sababu ya pili ni kichujio cha UV cha bei rahisi kilichofungwa mbele. Hicho huongeza nyuso mbili bapa, na doa lake mara nyingi ni nakala ya jua au taa iliyogeuzwa juu chini. Sababu ya tatu, ambayo ni nadra, ni mwanga kurudi kutoka kwenye kihisi chenyewe: utaona vitone vingi vidogo, mara nyingi vyekundu, vilivyopangwa kama wavu kuzunguka jua. Hivyo vya wavu ni kazi ndefu ya kitone kimoja kimoja, na kama vimeangukia uso, afadhali uchague picha nyingine.

*Ukaguzi rahisi.* Kuza picha hadi asilimia 400. Chukua Color Picker, soma namba za 0 hadi 255 ndani ya doa kwenye uzi mweupe zaidi unaouona. Kama hakuna chaneli iliyofika 255, wala iliyokaa 252 hadi 255 kwa pikseli nyingi mfululizo, habari zote za nyuzi zipo. Kama chaneli moja imegonga dari, ruka hadi dalili ya doa jeupe.

Kisha soma sehemu nne: uzi ndani ya doa, tundu la lesi ndani ya doa, uzi wa aina hiyo hiyo nje ya doa, na tundu nje ya doa. Chagua pande mbili zilizo karibu na zenye mwanga sawa, zisitengwe na mkunjo wa kitambaa. Kwenye picha yetu ya Forodhani matundu yalisomeka hivi: nje, R 96, G 92, B 88, ndani ya doa, R 103, G 139, B 107. Uzi wa nje ulikuwa na G 182, wa ndani G 206.

Tazama kijani kwa makini. Tundu limepanda kwa 47, uzi umepanda kwa 24 tu, na bado ni doa moja lenye mwanga mmoja. Sababu ni kwamba namba za faili la kawaida hazihesabu mwanga moja kwa moja. Zimekunjwa ili zifuate jicho, hivyo mwanga kidogo ukiongezwa gizani namba huruka sana, ukiongezwa kwenye weupe husogea kidogo. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanatoa 47 kila mahali, matundu yanakuwa sawasawa, lakini uzi unashuka hadi 159 badala ya 182. Uzi uliokosa kijani ni uzi wa zambarau.

*Njia ya kwanza: Curves yenye maski.* Inafanya kazi karibu kila programu, na kwa picha za JPEG ndiyo ya kuanza nayo.

Katika Photoshop ongeza leya ya Curves juu ya picha. Katika GIMP, nakili leya ya picha kwanza na ufanye Curves kwenye nakala. Fungua chaneli ya kijani, weka pointi mbili: 139 ishuke hadi 92, na 206 ishuke hadi 182. Rudia kwa nyekundu na bluu kwa namba zako mwenyewe. Picha nzima itageuka zambarau, usishtuke. Jaza maski rangi nyeusi, kisha paka nyeupe ndani ya doa peke yake.

Curves yenye pointi mbili ina udhaifu mmoja: inajua vivuli viwili tu, na vilivyo katikati inavikisia. Kwa lesi nyeupe isiyo na mengi inatosha. Kwa kitambaa chenye rangi nyingi, au mahali ambapo shela imepita juu ya mkono wenye hina, tumia njia ya pili.

*Njia ya pili: kutoa mwanga wenyewe.* Hii ndiyo sahihi zaidi, na inafaa kama una faili la RAW. Lifungue bila kuongeza kontrasti, Clarity wala Dehaze, kwa sababu vyote hivyo huchanganya mwanga wa doa na mwanga wa kitambaa kwa namna isiyotenguka. Litoe kama TIFF ya biti 16. Kontrasti utaiweka baada ya doa kutoka.

Katika GIMP 2.10 nenda Image, kisha Precision, uhakikishe imesimama kwenye 16-bit integer. Tengeneza leya mpya juu ya picha na uijaze rangi moja, ile ya mwanga wa doa. Rangi hiyo inapatikana kwa kugeuza namba mbili za matundu ziwe mwanga halisi, kutoa moja kwenye nyingine, na kurudisha jibu kwenye namba za kawaida. Kwa faili la sRGB, mistari hii ya Python inatosha:

```python
def l(v):
    v /= 255
    return v/12.92 if v <= 0.04045 else ((v+0.055)/1.055)**2.4
def s(x):
    return round(255*(12.92*x if x <= 0.0031308 else 1.055*x**(1/2.4)-0.055))
ndani, nje = (103,139,107), (96,92,88)
print([s(l(a)-l(b)) for a, b in zip(ndani, nje)])
```

Jibu ni 37, 108, 63, yaani `#256C3F`, kijani cha jani la mwembe lililokomaa. Jaza leya rangi hiyo, weka Mode iwe Subtract, kisha bofya leya kwa kitufe cha kulia na chini ya Blend Space uchague RGB (linear). Sasa soma tena: tundu limerudi 92, na uzi wa 206 umerudi 182 bila wewe kuugusa. Huo ndio uthibitisho kwamba rangi ni sahihi. Tundu likirudi vizuri na uzi ukakataa, ulilinganisha sehemu mbili zisizo na mwanga sawa. Tafuta jozi nyingine. Jibu la chaneli yoyote likitoka hasi, ni kosa hilo hilo.

Asiye na Python anaweza kubahatisha kwa macho: anza na kijani cha giza, uongeze na kupunguza kila chaneli huku ukisoma matundu. Inachukua dakika tano hivi badala ya moja.

*Maski, na hapa usiharakishe.* Ongeza maski nyeusi kwenye leya ya rangi. Kwa Free Select fuata umbo la doa lenyewe, pembe zake zote saba, usitumie duara kwa uvivu. Pima ukingo wa doa kwa pikseli: mwanga unashuka kutoka kujaa hadi kuisha ndani ya pikseli ngapi? Kwetu zilikuwa 6. Feather ikae karibu na kipimo hicho, kisha ujaze nyeupe. Ukiweka Feather ya 40 kwa kutaka ulaini, utapata pete ya kijani ndani ya ukingo na pete nyeusi nje yake.

Madoa mengi hayana mwanga sawa kutoka ukingoni hadi katikati. Baadhi yana mkanda mkali pembezoni. Mkanda huo upe leya yake ya Subtract yenye maski ya mkanda tu, ukipima matundu yaliyo ndani yake upya. Leya mbili au tatu ndogo hufanya kazi safi kuliko moja inayolazimishwa.

Dalili: doa limetoka, lakini mahali pake panajulikana

*Nyuzi zimekuwa zambarau au matundu yamebaki kijani.* Kwanza hakikisha Blend Space haijabaki RGB (perceptual). Pili, angalia kama faili limepitia Clarity au HDR kabla; likiwa limepitia, hesabu ya mwanga haiendi tena, rudi kwenye Curves na uongeze pointi ya tatu katikati. Rangi kidogo iliyobaki inaweza kutolewa kwa leya mpya yenye Mode ya HSL Color katika GIMP, au Color katika Photoshop, ukipaka rangi ya kitambaa iliyookotwa jirani kwa brashi ya Opacity 20. Leya hiyo inabadilisha rangi peke yake, mwanga na giza la nyuzi havisogei.

*Kuna ukingo mwembamba kama alama ya penseli.* Maski haijakaa juu ya ukingo. Mstari mweusi nje ya doa maana yake maski ni kubwa, mstari wa kijani ndani maana yake ni ndogo. Ikuze au ipunguze kwa pikseli 1 au 2 na uangalie tena. Usiurekebishe ukingo kwa Clone. Utaingiza nyuzi za bandia mahali ambapo za kweli zipo.

*Mahali pa doa pana chengachenga kuliko jirani.* Hili halina kosa lako. Mwanga ulioongezeka ulikuja na chenga zake, na wewe umetoa mwanga wa wastani tu, chenga zikabaki. Kwenye matundu yetu mwanga wa kijani ulikuwa karibu mara mbili na nusu ya kawaida, na chenga hukua kwa kipeuo cha pili cha mwanga, kwa hiyo ni takribani mara moja na nusu ya chenga za jirani. Punguza chenga za rangi kwanza ndani ya eneo la doa peke yake, kwa kuwa ndizo zinazosumbua macho. Za mwangaza ziguse kidogo sana, la sivyo uji unarudi kwa mlango wa nyuma. Ukimaliza, tazama picha kwa asilimia 100. Kwa asilimia 400 kila lesi inaonekana na kasoro.

*Lesi imekuwa uji.* Umetumia Healing au Content-Aware Fill. Zana hizo huchota umbile kutoka kwingine na kulichanganya na rangi ya ukingo, jambo linalofaa angani, mchangani na kwenye ukuta wa chokaa. Penye mistari inayojirudia, kama lesi, kamba za jahazi, makuti au nywele zilizosukwa, zinakata mstari mahali pamoja na kuuanza pengine. Tendua hadi mwanzo. Uji hauwezi kurekebishwa juu ya uji.

Dalili: katikati ya doa ni nyeupe kabisa

Sababu inayoonekana zaidi ni kwamba picha yenyewe ilipigwa na mwanga mwingi, na doa likamalizia. Kabla ya kukata tamaa rudi kwenye RAW, shusha Exposure kwa hatua 1 au 2 na usome tena. JPEG hutupa habari za juu ambazo RAW bado inazo, na mara nyingi eneo lililosomeka 255 hujitokeza lina nyuzi.

Mara nyingine ni chaneli moja tu iliyojaa. Doa la kijani huijaza G huku R na B zikiwa nzima. Hapo umbile la nyuzi lipo ndani ya nyekundu, na kwa lesi nyeupe chaneli tatu zinafanana karibu sawa. Tenganisha chaneli, nakili nyekundu ndani ya eneo lililojaa peke yake, uiweke mahali pa kijani, kisha usogeze mwangaza wake kwa Curves hadi namba zilingane na jirani. Kwa kitenge au batiki usijaribu, maana huko nyekundu na kijani vina michoro tofauti.

Chaneli zote tatu zikiwa 255 hata kwenye RAW, hakuna kilichobaki cha kuokoa. Hapa sasa kunakili kunaruhusiwa, ila kwa lesi tumia bahati ya kwamba mchoro hujirudia. Tafuta ua lile lile mahali pengine kwenye shela, upande ule ule wa mkunjo na lenye mwanga kutoka upande ule ule. Likate na nafasi kidogo kulizunguka, liweke kwenye leya mpya, likunje kwa Warp Transform au Perspective hadi nyuzi zake zikutane na zile zinazoingia kwenye doa kutoka pande zote. Kata maski kwa kupita kwenye matundu, usikate katikati ya uzi. Clone yenye brashi ndogo, Hardness 80 hadi 90, itumike kuunganisha ncha tu. Brashi laini kupita kiasi hutengeneza nyuzi zenye ukungu.

Sehemu nyeupe juu ya jicho, midomo au mchoro wa hina ni mahali pa kusimama. Hivyo havijirudii, na mwenye mkono wake anaujua mchoro wake. Mpe kazi mtu anayerekebisha picha za uso kila siku, au tumia picha jirani ya mfululizo ule ule.

Dalili: kitone kidogo cha kijani au buluu kwenye picha ya simu

Kipo upande wa pili wa kitovu, umbali sawa na jua au taa, na kimepinduliwa. Juu ya anga, kitoe kwa zana yoyote ya kuponya, sekunde mbili, yamekwisha. Juu ya nyuzi mambo ni magumu kuliko ya kamera, kwa kuwa simu huunganisha picha kadhaa na kukoleza kila sehemu kivyake kabla ya kukukabidhi JPEG. Kutoa mwanga kwa hesabu hakutakubali. Tumia Curves yenye maski, ikiwezekana yenye pointi tatu.

Kabla ya hapo tafuta fremu jirani. Kitone kinahama kila mkono unaposogea hata kidogo, na kitambaa hakihami nacho. Kama simu ilihifadhi kipande cha video pamoja na picha, au ulipiga mfululizo, kuna fremu ambayo kitone kimeangukia kwingine. Weka fremu hizo mbili kama leya, zioanishe kwa Auto-Align Layers au kwa mkono huku ya juu ikiwa na Mode ya Difference, kisha urudishe Normal na ufungue maski ya ukubwa wa kitone. Nyuzi unazoweka ni za shela ile ile, dakika ile ile. Fremu ya video huwa na pikseli chache, kwa hiyo kwa picha itakayochapishwa kubwa angalia kama ukali unalingana.

Mbinu hiyo hiyo inafanyika kwa makusudi na kamera iliyo kwenye tripodi: piga moja ya kawaida, ya pili uzibe jua kwa kidole mbele ya lenzi. Ya pili inakupa lesi safi, ya kwanza inakupa jua.

Dalili: hakuna doa, ila upande mzima umepauka

Sababu ya kwanza ni uchafu kwenye kioo cha mbele: alama ya kidole, chumvi ya bahari, mafuta ya ngozi. Ya pili ni kukosa kivuli cha lenzi. Ya tatu ni kichujio. Ya nne ni ukungu ulioota ndani ya lenzi, jambo la kawaida kwa vifaa vinavyokaa Mombasa, Tanga au Unguja kwenye begi lililofungwa bila hewa.

Pima kitu cheusi, kwa mfano nywele au suti ya bwana harusi, upande wa jua na upande wa mbali. Kama upande mmoja unasomeka 20 na mwingine 70, ile tofauti ndiyo pazia la mwanga. Njia ya Subtract inafanya kazi hapa pia, ila maski yake ni Gradient ndefu inayokolea kuelekea jua. Dehaze ni ya haraka, lakini huongeza ukali wa kingo na kuifanya lesi ionekane kama ya plastiki. Ukiitumia, isipite 15 au 20.

Simama hapa

Lenzi ikimulikwa kwa tochi upande mmoja na kutazamwa upande mwingine, ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui au duara la wingu lisilofutika kwa nje, huo ni ukungu wa ndani. Usiifungue. Vioo vya ndani vimepangwa kwa vipimo ambavyo bisibisi ya nyumbani haiwezi kurudisha, na dawa iliyoliwa na ukungu haioti tena. Itenge na lenzi nyingine, mpelekee fundi wa kamera, na umwulize bei ya kusafisha ikilinganishwa na thamani ya lenzi kabla hajaifungua.

Usichungulie jua kupitia kitundu cha kioo cha kamera yenye lenzi ndefu ili kutafuta doa linatokea wapi. Tumia skrini, na hata hapo usiielekeze kwenye jua kali kwa muda mrefu.

Picha ya habari, ya bima au ya kesi isiguswe kabisa kwa njia za kunakili. Hata kutoa mwanga kuandikwe na faili la asili litunzwe. Na kama mteja anataka picha ya ukutani, doa limejaa chaneli zote tatu, na mfululizo hauna fremu nyingine, mwambie mapema kwamba sehemu ile itajengwa upya, umwoneshe kipande kwa asilimia 100, na usubiri jibu lake kabla ya kupeleka kiwandani.